Dumu Chini Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umeme Tuli na Kujaza Petroli kwenye Madumu

Nimesimamia zamu kwenye vituo vya mafuta kwa miaka mingi. Hakuna jambo lililonigombanisha na wateja wema kama hili la kuwaambia washushe dumu kutoka kwenye gari kabla ya kujaziwa. Wengi huona ni usumbufu tu, na lawama ni yetu, kwa sababu tunatoa amri bila kueleza. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa nikiwa nimesimama pembeni ya pampu, na nayajibu kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku hizo wakati foleni ya magari inapiga honi.

Kwa nini nishushe dumu? Si mnijazie hapo hapo kwenye gari, niondoke?

Kwa sababu petroli ikipita kwenye mpira na kuingia kwenye dumu, inaingia na umeme. Dumu likiwa chini, umeme huo unaishia ardhini bila wewe kujua kwamba ulikuwepo. Likiwa juu ya kapeti ya buti, au juu ya ile plastiki nzito nyeusi inayolazwa kwenye bodi ya pikapu, umeme hauna pa kwenda. Unabaki kwenye dumu na kuongezeka kwa kila lita inayoingia, hadi upate njia. Njia yenyewe mara nyingi ni pengo dogo kati ya mdomo wa dumu na nozeli, na hapo ndipo mvuke wa petroli ulipo mwingi.

Onyo hili lina historia. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu mioto ya namna hii hii. Watu walikuwa wakijaza madumu ya petroli ndani ya pikapu zenye plastiki ya bodi na ndani ya magari yenye kapeti. Kanuni ya NFPA 30A, inayohusu vituo vya mafuta huko, inakataza kabisa kujaza chombo cha kubebeka kikiwa ndani au juu ya gari.

Umeme unatoka wapi? Dumu halijachomekwa popote.

Huu ni umeme tuli, ule ule unaokufanya usikie "ta!" ukivua sweta la nailoni usiku, au unaokurusha kidole ukigusa mlango wa gari baada ya kuteleza kwenye kiti. Vitu viwili tofauti vikigusana na kuachana, kimoja huondoka na chaji kidogo ya mwenzake. Petroli inaposukumwa kwenye chujio la pampu, kwenye mpira na kwenye nozeli, inagusana na kuachana na kuta hizo muda wote. Inatoka ikiwa imebeba chaji ya aina moja, na ya aina nyingine inabaki kwenye bomba.

Maji yakipita kwenye bomba hutayaona yakifanya hivyo, kwa sababu yanapitisha umeme vizuri na chaji inarudi papo hapo. Petroli inapitisha umeme kwa shida mno. Ikishabeba chaji inakwenda nayo hadi ndani ya dumu, na huko inachukua muda kuiachia.

Kasi nayo ina sehemu yake. Kadiri mafuta yanavyokimbia ndivyo chaji inavyoongezeka, na yakimwagika kutoka juu, yakaruka na kutapakaa ndani ya dumu, inaongezeka zaidi. Ndiyo maana mhudumu anayejua kazi yake habani kishikio cha nozeli hadi mwisho anapojaza dumu.

Cheche ndogo ya umeme tuli inaweza kweli kuwasha petroli?

Inaweza, na haihitaji kuwa cheche ya kuonekana. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiwango kinachofaa unawaka kwa cheche yenye nguvu ya takriban milijuli 0.25. Ile cheche unayoanza kuisikia kwenye kidole huwa tayari imezidi kiwango hicho. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama pale, asisikie chochote mkononi, asione chochote, na cheche ikawa imetosha.

Kiwango kinachofaa ni mvuke wa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 kwenye hewa. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hapo hauwaki pia. Kwa joto letu, ndani kabisa ya dumu lenye petroli mvuke mara nyingi umezidi, ni mzito mno kuwaka. Sehemu ya kuogopa ni mdomoni, pale mvuke unaosukumwa nje na mafuta yanayoingia unapokutana na hewa ya nje. Mahali fulani kati ya "umezidi" na "umepungua" lazima pawepo pa "sawasawa", na nozeli iko hapo hapo. Dumu lililokaa wazi likiwa karibu tupu ni baya zaidi, kwa sababu hewa imeshaingia na mchanganyiko unaoweza kuwaka unaweza kuwa umeenea dumu zima.

Naomba mfano wa hesabu. Dumu la lita 20 linaweza kujaa umeme kiasi gani?

Tuchukue dumu la chuma la lita 20, lile la kijeshi la ubapa, limewekwa juu ya plastiki ya bodi ya pikapu. Pampu inatoa lita 40 kwa dakika, kwa hiyo dumu linajaa kwa sekunde 30. Tuchukulie mafuta yanaingia na chaji ya kiasi cha mikrokulombi 20 kwa kila mita ya ujazo. Hicho si kiwango cha ajabu kwa petroli iliyopita kwenye chujio na mpira. Lita 20 ni sehemu ya hamsini ya mita ya ujazo, kwa hiyo chaji yote iliyoingia ni mikrokulombi 0.4. Ni kidogo sana, huwezi kuwashia hata taa ya tochi.

Lakini dumu lenyewe ni chombo kidogo cha kuhifadhi chaji, karibu pikofaradi 50. Ukigawanya chaji kwa uwezo huo unapata volti 8,000. Na nguvu iliyolala humo ni nusu ya chaji mara volti:

```
V = Q / C = 0.0000004 / 0.00000000005 = 8000 V
E = Q × V / 2 = 0.0000004 × 8000 / 2 = 0.0016 J = 1.6 mJ
```

Milijuli 1.6, na petroli inahitaji 0.25 tu. Yaani zaidi ya mara sita ya kinachohitajika, kwenye dumu moja, kwa nusu dakika.

Sasa tazama linavyotokea. Nozeli imelala kwenye mdomo wa dumu na inagusa chuma, kwa hiyo chaji inarudi kupitia nozeli na mpira hadi kwenye pampu, ambayo ina waya wa ethi. Mpaka hapo hakuna tatizo. Kisha mteja aliyeshika nozeli anachoka mkono, au anataka kuchungulia mafuta yamefika wapi. Anainyanyua kidogo, mdomo wa nozeli unaachana na chuma huku mafuta yakiendelea kumiminika. Sekunde kumi na tano, ishirini, dumu linajaa volti. Anaishusha tena, na kabla chuma hakijagusa chuma, pengo linapofikia milimita moja au mbili, cheche inaruka, mdomoni kabisa kwenye mvuke.

Lakini ukishasema nozeli inarudisha umeme kwenye pampu, dumu kuwa chini linaongeza nini?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na aliyeniuliza alikuwa kijana wa chuo cha ufundi. Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, nozeli ni njia inayokatika. Inakatika kila mkono unapotikisika. Tena haipo kabisa kabla hujaanza. Dumu lililosafiri kilomita 20 likisuguana na kapeti ya buti linaweza kufika kituoni tayari limejaa chaji, na mara ya kwanza nozeli inapolikaribia ndipo cheche inaporuka, kabla tone moja la petroli halijatoka. Dumu likiwekwa chini kwanza, chaji ya safarini inaondoka kabla nozeli haijafika.

Pili, ardhi haihitaji kuwa njia nzuri ya umeme ili ifanye kazi hii. Rudi kwenye ule mfano. Mikrokulombi 0.4 kwa sekunde 30 ni mkondo wa nanoampea 13 hivi. Mkondo mdogo kiasi hicho hausumbuliwi na sakafu ya zege. Hata kama njia kutoka chini ya dumu hadi ardhini ina ukinzani wa omu milioni 100, volti zitakazobaki kwenye dumu ni moja na kidogo tu. Fundi umeme akipima sakafu hiyo kwa kifaa chake cha kawaida atakwambia haipitishi umeme, na kwa kazi yake yuko sahihi. Kwa umeme tuli inapitisha vya kutosha kabisa. Plastiki ya bodi ya pikapu iko mbali mno na hapo. Ukinzani wake ni mkubwa mara maelfu na maelfu, na chaji inaingia kwenye dumu haraka kuliko inavyoweza kutoka.

Gari nalo liko chini. Kwa nini dumu lililo ndani yake lisihesabiwe liko chini?

Kati ya dumu na bodi ya gari kuna kapeti, plastiki, au mpira. Hata kama chuma cha gari chenyewe hakina chaji, dumu limetengwa nalo. Hiyo inatosha kuleta madhara.

Zaidi ya umeme kuna mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hushuka na kutambaa chini kama maji yasiyoonekana. Ukijaza dumu ndani ya buti, mvuke unaosukumwa nje unajaa humo humo, chini ya viti, kwenye mashimo ya tairi la akiba, na upepo haufiki. Pale nje kwenye sakafu ya kituo, upepo unausambaza. Na kama moto utawaka, ni bora uwake kwenye zege kuliko ndani ya gari lenye tangi lake la petroli na pengine mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Dumu langu ni la plastiki. Plastiki haipitishi umeme, basi kuliweka chini kunasaidia nini?

Wengi wetu tunatumia plastiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ni kweli kwamba ardhi haiwezi kunyonya chaji kupitia ukuta wa plastiki kama inavyofanya kwa chuma. Chaji iliyo ndani ya petroli inabaki imezungukwa na kihami. Lakini kwa plastiki nozeli ndiyo inayofanya kazi kubwa. Petroli yenye chaji ikigusana na chuma cha nozeli kilichounganishwa na ethi, chaji inaondoka kupitia hapo, polepole. Kwa hiyo kwa dumu la plastiki ni lazima zaidi nozeli iingie ndani ya mdomo, iguse ukingo, na ibaki imegusa hadi mwisho. Ukiacha mafuta yatiririke kutoka juu kupitia hewani, umeikata njia pekee iliyopo.

Hata hivyo kulishusha chini kunasaidia kwa mambo matatu ambayo nina uhakika nayo. Sakafu iliyo karibu inapunguza volti za chaji ile ile, kwa sababu chombo kilicho karibu na ardhi kina uwezo mkubwa zaidi wa kubeba chaji bila volti kupanda. Dumu lililotulia chini halisuguani na kapeti, na plastiki inayosuguana na kapeti ndiyo inayoshika chaji juu ya ngozi yake, ile unayoiona vumbi linaponata hata baada ya kufuta. Na hoja ya mvuke inabaki vile vile.

Kitu cha kuogopa zaidi kwenye plastiki ni chuma kidogo kilichotengwa. Faneli ya bati iliyochomekwa kwenye mdomo wa dumu la plastiki imekaa juu ya kihami, haigusi ardhi, na petroli yote inapita juu yake. Inajaa chaji kama lile dumu la chuma kwenye pikapu. Nozeli ikiikaribia bila kuigusa, cheche inaruka. Kama huna njia ila faneli, nozeli iiguse kabla hujaanza na isiiachie hata mara moja. Afadhali zaidi, acha faneli kabisa kituoni, nozeli inaingia kwenye mdomo wa dumu bila msaada.

Na yale madumu ya njano ya mafuta ya kula?

Yamejaa kila nyumba, najua. Plastiki yake haikutengenezwa kwa ajili ya petroli. Petroli inaipenya polepole na kuifanya ivimbe na kulainika, na kifuniko kinaacha kubana. Dumu linaanza kunuka petroli hata likiwa limefungwa, na harufu hiyo ni mvuke uliotoka. Hapo umeme tuli unakuwa ni nusu tu ya matatizo yako. Dumu la petroli huwa nene zaidi, lina kifuniko chenye mpira wa kuzuia mvuke, na limeandikwa kwamba ni la petroli. Kituo kinachokataa kujaza dumu la mafuta ya kula au chupa ya maji hakikuonei.

Sakafu gani inafaa? Zege, lami, mchanga?

Zege tupu ni nzuri. Udongo na mchanga wenye unyevu ni nzuri pia. Lami iliyokauka sana hupitisha umeme kwa shida kuliko zege, ingawa ni bora kuliko plastiki ya gari. Kama kituo kina sehemu zote mbili, chagua zege. Zege iliyopakwa rangi nene ya plastiki inapoteza sifa yake. Na usitandike kitu. Nimeona mtu mstaarabu kabisa akishusha dumu lake la chuma, kisha akalikalisha juu ya kipande cha boksi lililofungwa nailoni ili lisichafuke. Alikuwa amelirudisha kwenye gari bila kujua.

Utaratibu wenyewe ni upi, hatua kwa hatua?

Zima injini. Ukishashuka, gusa chuma cha gari, mbali na dumu, ili chaji ya mwili wako iondoke hapo na siyo kwenye nozeli. Shusha dumu kifuniko kikiwa kimefungwa, liweke kwenye sakafu hatua chache kutoka kwenye gari na mbali na watu. Lifungue likiwa tayari chini.

Leta nozeli, iguse ukingo wa dumu kwanza, kisha iingize hadi ndani kadiri inavyokwenda. Bana kishikio kidogo tu, mafuta yaende taratibu, hasa mwanzoni, hadi mdomo wa nozeli uwe karibu na mafuta na kurukaruka kuishe. Usikifunge kishikio kwa kile kikulabu cha kujishikilia chenyewe, wala usikiwekee kifuniko cha tangi ili kishike. Mkono wako ubaki hapo. Acha nafasi juu, kwa dumu la lita 20 simama kwenye lita 19, kwa sababu petroli ikipata joto la njiani inapanuka.

Ukimaliza, acha matone yaishe huku nozeli bado inagusa dumu. Itoe, funga dumu likiwa chini bado, futa yaliyomwagika, ndipo ulinyanyue. Kwenye gari lisimamishe wima na ulifunge lisiyumbe.

Naweza kulishika dumu mkononi wakati linajazwa?

Hapana. Ukiwa umevaa ndala za mpira au viatu vya soli nene, wewe mwenyewe umetengwa na ardhi, na mwili wa binadamu unabeba chaji zaidi ya dumu. Uwezo wake ni karibu pikofaradi 150. Kwa volti 3,000 tu, ambazo ndipo watu wengi wanaanza kusikia mshtuko mdogo, unakuwa umebeba milijuli karibu 0.7. Dumu chini, mikono yako iwe kwenye nozeli.

Sisi wa pwani hewa ina unyevu. Umeme tuli si wa nchi kavu?

Nusu yake ni kweli. Hewa ya Tanga au Mombasa ina unyevu, na unyevu unatengeneza ngozi nyembamba ya maji juu ya vitu inayosaidia chaji kuondoka. Ndiyo maana ule mshtuko wa mlango wa gari unausikia zaidi Dodoma mwezi wa Septemba kuliko Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Kwa umeme wa mwilini na wa kapeti, unyevu unasaidia.

Lakini chaji ya petroli inazaliwa ndani ya chujio na ndani ya mpira, ambako hewa ya nje haifiki. Unyevu wa Mombasa hauingii humo. Na gari lililokuwa na kiyoyozi muda wote ni nchi kavu ndogo inayotembea. Utaratibu ni ule ule pwani na bara.

Nimejaza dumu kwenye pikapu miaka 15 na sijaona hata cheche. Kwa nini nikuamini?

Kwa sababu moto unahitaji mambo matatu yakutane pale pale, kwa wakati mmoja. Lazima chaji iwe ya kutosha, pengo liwe la ukubwa unaofaa, na mvuke uwe wa kiwango kinachowaka mahali pale pale pengo lilipo. Mara nyingi kimoja kinakosekana. Nozeli iligusa muda wote, au mvuke ulikuwa mzito mno, au upepo ulipita. Cheche huenda zimekuwepo, hukuziona wala hukuzisikia, zikaruka mahali ambapo mvuke haukuwa sawasawa.

Mteja mmoja aliniambia maneno hayo hayo, mzee wa heshima mwenye pikapu ya shamba. Nilimwomba, "Mzee wangu, shikamoo, nisaidie tulishushe pamoja." Akakubali kwa shingo upande. Alipolikaribia lile dumu la chuma kwa mkono wake, tukasikia wote wawili "ta", na akaurudisha mkono. Dumu lilikuwa tupu, limetoka shambani likicheza juu ya plastiki ya bodi. Alinitazama, akalitazama dumu, akasema, "Kumbe." Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Dizeli na mafuta ya taa nayo yana hatari hiyo?

Yanabeba chaji vile vile, lakini mvuke wake kwa joto la kawaida ni mdogo mno kuwaka. Mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke unaowaka kwenye nyuzi 38 hivi na kuendelea, dizeli juu zaidi ya hapo. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mtego uko kwa mtu anayetumia dumu moja kwa vyote. Jana lilikuwa na petroli, limemiminwa likabaki na kikombe kimoja chini, leo analeta litiwe dizeli ya jenereta. Ndani kumejaa mvuke wa petroli. Dizeli inapoingia inaunyonya kidogo kidogo, na mvuke uliokuwa mzito mno kuwaka unashuka hadi kwenye kile kiwango cha kuwaka, wakati huo huo dizeli inaleta chaji yake. Wenye malori ya kubeba mafuta wanaujua mtego huu na wanauogopa sana. Dumu la petroli libaki la petroli.

Mimi ni mvuvi. Tangi la mashine yangu liko ndani ya boti, na boti iko majini.

Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri, lakini tangi haliyagusi. Limekaa juu ya ubao au faiba, na faiba ni kihami kama ile plastiki ya pikapu. Chini ya sakafu ya boti ndiko mvuke unakojikusanya, na hakuna mlango wa kuutoa. Chomoa mrija wa mafuta, lipeleke tangi ufukweni au kwenye gati, lijazie huko, lifunge, ndipo ulirudishe. Ni hatua 20 za mchanga.

Kwa bodaboda ni hivyo hivyo. Dumu lililofungwa kwa mpira kwenye keria lifunguliwe, lishuke.

Simu je? Si ndiyo inayowasha moto vituoni?

Taasisi ya Marekani ya wenye vifaa vya vituo vya mafuta, PEI, ilikusanya taarifa za mioto ya vituoni kwa miaka mingi, na haikuthibitisha hata mmoja uliowashwa na simu. Iliyojirudia ni ile ya umeme tuli, hasa ya mtu aliyerudi kukaa kwenye kiti cha gari wakati anajaza, kisha akatoka na kushika nozeli. Simu weka mfukoni kwa sababu nyingine: mtu anayeongea na simu hatazami nozeli yake inagusa wapi.

Moto ukiwaka mdomoni mwa dumu, nifanye nini?

Achia kishikio ili mafuta yasimame. Usiitoe nozeli. Mwili mzima utakutuma uichomoe na kuitupa, na ukifanya hivyo utamwaga petroli inayowaka kwenye miguu yako na ya jirani. Moto wa mdomoni mwa dumu mwanzoni ni mdogo, kama wa jiko. Ukisambazwa ndipo unapokuwa moto wa kituo. Iache nozeli ilipo, rudi nyuma, piga kelele mhudumu abonyeze kitufe chekundu cha kuzima pampu zote. Mitungi ya kuzimia yenye unga huwa karibu na pampu. Anayejua kuitumia aelekeze kwenye kitako cha moto, akiwa upande upepo unakotokea. Maji hapana, petroli itaelea juu yake na kutembea nayo.